LESENI YA WAKILI IKIISHA, ANAYEUMIA NI NANI?

Kila mwaka, saa sita ya usiku wa tarehe 31 Desemba, leseni za mawakili wote wa kujitegemea wa Tanzania Bara hufikia kikomo kwa pamoja. Hakuna barua inayotumwa wala tangazo linalobandikwa mlangoni. Asubuhi ya Mwaka Mpya wakili huamka na jina lake likiwa bado katika Daftari la Mawakili, ofisi yake ikiwa pale pale na muhuri wake ukiwa mezani. Lakini kile kinachompa haki ya kusimama mbele ya hakimu kwa niaba ya mtu mwingine kimekwisha, mpaka akihuishe.

Jambo hili kwa kawaida huchukuliwa kuwa ni la mawakili wenyewe, kama ada ya chama au kodi ya pango la ofisi. Gazeti hili halikubaliani na fikra hiyo. Mtu ambaye shamba lake la Bariadi linapiganiwa mahakamani, au mvuvi wa Ukara aliyeandikiwa hati ya kununua kiwanja Nansio, anaweza kuipoteza haki yake kwa sababu ya karatasi ambayo hakuwahi kuiona na ambayo haikuwa kazi yake kuilipia. Na maofisa wa Serikali wanaopokea hati hizo kila siku, wakazigonga muhuri na kuzitia jaladani, nao hapana budi waielewe sheria inavyosema, maana mara nyingi wao ndio wa kwanza kuzishika.

Sheria yenyewe ni ya siku nyingi. Ni Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, iliyotungwa mwaka 1954 na kufanyiwa marekebisho mara kadhaa tangu hapo. Inahusu Tanzania Bara peke yake. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wana sheria yao na daftari lao. Kifungu cha 39 kinaeleza ni nani mwenye sifa ya kufanya kazi ya uwakili. Jina lake liwe katika Daftari, awe na leseni ya uwakili iliyo hai, na awe na leseni halali ya biashara. Anayekosa kimojawapo huitwa na sheria mtu asiye na sifa, na kifungu cha 41 kinamkataza mtu wa namna hiyo kufanya kazi ya wakili. Msomaji azingatie hapo. Sheria haisemi kwamba wakili aliyechelewa kulipa ni wakili mwenye deni. Inamweka katika fungu moja na mtu wa mtaani ambaye hakusoma sheria kabisa.

Hata hivyo, watunga sheria walijua kwamba binadamu hachelewi kwa makusudi siku zote. Ndiyo sababu Januari ilipewa hadhi ya pekee. Leseni inayotolewa ndani ya mwezi huo huhesabiwa kuwa ilianza tarehe 1 Januari, hata kama ilitolewa siku za mwisho. Wakili aliyeandika hati tarehe 10 na akapata leseni tarehe 25, hati yake haina dosari. Lakini mwezi wa pili ukishaanza, neema hiyo huondoka. Leseni itakayotolewa hapo huanza kuhesabiwa siku ile ile ilipotolewa, na hairudi nyuma.

Wengi hawalitambui jambo hili, na baadhi yao ni watu wa sheria. Mtu akisikia kwamba wakili fulani alichelewa siku nne tu, akapata leseni tarehe 4 Februari, atadhani pengo ni la siku nne. Sivyo. Pengo ni tangu tarehe 1 Januari hadi tarehe 3 Februari, kwa kuwa Januari nzima nayo imebaki bila kufunikwa. Siku nne za uzembe huzaa siku 34 ambazo kila hati aliyoitunga wakili huyo inaweza kuhojiwa.

Yapo mambo matatu ambayo mwananchi huyachanganya, na ni vyema yatenganishwe kabla hatujaendelea. Wakili anaweza kusimamishwa, anaweza kufutwa katika Daftari, na leseni yake inaweza kuisha muda. Mambo mawili ya kwanza ni adhabu. Hupitia kwa Kamati ya Mawakili au mahakamani, huwa na mlalamikaji, huwa na utetezi, na kurejea kwake ni safari ndefu. Hili la tatu si adhabu. Hakuna aliyelalamika. Muda umekwisha, basi. Ndiyo maana kulitibu ni rahisi zaidi kwa wakili, na hapo ndipo penye kichekesho kichungu: wakili hupona kwa wiki chache, lakini mteja wake huweza kuugua kwa miaka.

Tuangalie kwanza wakili anavyopona. Njia ya kawaida, kwa asiyechelewa, haina utata. Hulipa ada yake ya mwaka kwa Chama cha Mawakili Tanganyika, kwani uanachama kwa wakili wa kujitegemea si wa hiari. Huhakikisha ametimiza mafunzo endelevu ya sheria yanayotakiwa na Chama. Kisha huingia katika mfumo wa kielektroniki wa Mahakama uitwao e-Wakili, huomba kuhuisha leseni, hupewa namba ya malipo, hulipa ada ya Serikali, na ombi lake likikubaliwa leseni hutolewa chini ya mamlaka ya Msajili wa Mahakama Kuu. Zamani wakili wa kanda hii alilazimika kutuma karatasi Dar es Salaam au kusafiri nazo mwenyewe. Siku hizi aliyeko Bariadi anaweza kuyafanya yote akiwa amekaa ofisini kwake, ili mradi umeme upo na mtandao haujakatika. Kwa hiyo kisingizio cha umbali, ambacho hapo kale kilikuwa na uzito, sasa kimepungua nguvu.

Anayekwama, aghalabu hukwama kwa mambo mawili. La kwanza ni ada ya Chama iliyolimbikizwa tangu miaka iliyopita. La pili ni mafunzo: mtu alisahau, au hakuwa na nauli ya kwenda yalikofanyika, na Desemba inamkuta hajatimiza. Fedha inaweza kutafutwa kwa siku moja. Mafunzo ya mwaka mzima hayatafutiki kwa siku moja. Wakili mwenye busara hujihesabu mwezi wa Septemba, si Krismasi.

Kwa aliyechelewa, njia haijafungwa ila imekuwa nyembamba. Humpasa kuomba kuhuishiwa leseni nje ya muda, akieleza kwa maandishi kilichomchelewesha, na kuambatanisha uthibitisho. Kama alilazwa, aonyeshe karatasi za hospitali. Kama alikuwa masomoni au katika ajira isiyomruhusu kufanya uwakili, aonyeshe barua za huko. Alipe anachodaiwa cha nyuma, na Chama kithibitishe kwamba hana dosari kwao. Aliyekaa nje miaka kadhaa, ataulizwa zaidi ya aliyechelewa wiki mbili, na hilo ni haki, maana sheria zinabadilika na aliyekaa nje huenda hazijui.

Ila jambo kubwa si fomu. Jambo kubwa ni wakili huyo anafanya nini kati ya siku leseni ilipokufa na siku itakapofufuka. Uaminifu unamtaka asimame. Asisaini, asiapishe, asisimame mahakamani kwa niaba ya mtu. Awaite wateja wake awaambie ukweli. Mashauri yaliyopangiwa tarehe awakabidhi mawakili wenzake wenye leseni hai. Kisha akae na kitabu chake cha kumbukumbu aorodheshe kila hati aliyoitunga tangu tarehe 1 Januari, moja baada ya moja, kwa sababu kila moja ya hizo inahitaji kutazamwa upya wakati bado kuna muda wa kuiponya. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Aibu huwafunga midomo. Wakili huhuisha leseni yake kimyakimya mwezi Machi, akaendelea na kazi kama vile hapakutokea lolote, akitumaini kwamba mpinzani hatachungulia tarehe.

Mpinzani huchungulia. Uchunguzi wenyewe huchukua dakika chache siku hizi, na mashauri yenye fedha au ardhi nyingi hayakosi mtu wa kuchungulia.

Tuchukue mfano, ambao si wa mtu fulani ila unafuata sheria hatua kwa hatua. Mkulima wa pamba karibu na Bariadi anagombania ekari kadhaa na jirani yake. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya linatoa uamuzi tarehe 20 Januari, na mkulima anashindwa. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, kifungu cha 41, inampa siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Akihesabu vizuri, mwisho wake ni tarehe 6 Machi. Anauza ng'ombe wawili, anakwenda kwa wakili, na wakili anaandika sababu za rufaa na kuziwasilisha tarehe 25 Februari. Ni siku ya 36. Mkulima amewahi, tena kwa siku tisa nzima.

Asichokijua ni kwamba wakili wake hakuwa amehuisha leseni. Anaihuisha tarehe 20 Machi. Rufaa inapangiwa tarehe, inaahirishwa, inapangiwa tena. Mwezi wa Juni wakili wa jirani anainuka na kuleta pingamizi la awali: aliyeitunga na kuitia saini hati ya rufaa tarehe 25 Februari, siku hiyo hakuwa wakili.

Mahakama itafanya nini? Hapa tuna mwongozo wa Mahakama ya Rufani ya Tanzania katika shauri la Edson Osward Mbogo dhidi ya Dakta Emmanuel Nchimbi na mwenzake, Rufaa ya Madai Namba 140 ya mwaka 2006. Lilikuwa limetokana na ubishi wa uchaguzi wa ubunge wa Songea Mjini. Mahakama ilisema kwamba wakili anayefanya kazi bila leseni hai si kwamba anavunja sheria tu, bali pia chochote anachokifanya kwa nafasi hiyo hakina uhalali wa kisheria. Na hati za rufaa zilizotayarishwa na mtu wa namna hiyo hazina nguvu. Maneno hayo yamekuwa yakinukuliwa katika mahakama zetu tangu wakati huo. Mtu alikuwa na malalamiko kuhusu uchaguzi wa jimbo zima, na swali lililoamua hatima ya hati zake lilikuwa ni leseni ya wakili wake.

Kwa hiyo mkulima wetu rufaa yake itaondolewa mahakamani. Azingatie neno hilo. Kuondolewa si sawa na kutupwa. Rufaa iliyotupwa imesikilizwa ikaisha. Iliyoondolewa haijasikilizwa, na mwenyewe anaweza kuileta tena ikiwa na hati sahihi. Tatizo ni siku. Sasa ni Juni, na siku zake 45 zilikwisha tarehe 6 Machi. Mlango wa rufaa umefungwa, na kabla hajaugonga ni lazima kwanza aombe kuongezewa muda.

Maombi hayo hupelekwa Mahakama Kuu, na kwa miaka mingi mashauri ya Bariadi, Maswa, Meatu na Itilima yamekuwa yakichukua njia ya Shinyanga. Hupelekwa pamoja na hati ya kiapo, na ndani ya kiapo ndimo shauri linamookolewa au linamozama. Mahakama zetu hutaka mwombaji aeleze kila siku ya ucheleweshaji, si kwa jumla, bali moja moja. Pia zimesema mara nyingi kwamba uzembe wa wakili, peke yake, si sababu ya kutosha ya kumwongezea mteja muda. Mkulima akiapa tu kwamba wakili wake alimponza, huenda asisikilizwe.

Lakini ipo njia nyingine, na ilifunguliwa na shauri lenye majina yasiyo mageni upande huu wa ziwa: Fortunatus Masha dhidi ya William Shija, lililoripotiwa katika ripoti za sheria za mwaka 1997. Humo Mahakama ya Rufani ilitofautisha ucheleweshaji wa kweli na ucheleweshaji wa kitaratibu. Aliyelala nyumbani hadi muda ukapita, amechelewa kweli. Aliyekata rufaa ndani ya muda, ila rufaa ikaonekana baadaye kuwa na kasoro ikaondolewa, huyo alikwisha kuadhibiwa kwa kuondolewa rufaa yake. Muda alioutumia akiifuatilia rufaa hiyo yenye kasoro haufai kuhesabiwa dhidi yake tena. Mkulima wetu na aegemee hapo. Aambatanishe nakala ya rufaa ya kwanza yenye muhuri wa tarehe 25 Februari, kuonyesha kwamba aliwahi. Aambatanishe uamuzi ulioiondoa. Aambatanishe barua aliyoandika kuomba nakala ya uamuzi huo, na tarehe aliyoipokea, kwa kuwa siku za kusubiri nakala nazo zinahitaji maelezo. Na kuanzia siku ile rufaa ilipoondolewa, asipoteze hata wiki moja, maana siku hizo si za kitaratibu tena; ni zake mwenyewe.

Hata hivyo tusimdanganye mtu kwamba njia hiyo ni salama kabisa. Mpinzani hodari atasema hivi: ikiwa hati iliyotungwa na asiye na sifa haina uhalali wowote, basi tarehe 25 Februari hapakuwa na rufaa, na kama hapakuwa na rufaa, mkulima hakuwahi. Hoja hiyo ina meno. Jaji anaweza kuikataa kwa kuangalia kwamba mkulima alifanya kila lililo katika uwezo wake. Lakini hakuna anayeweza kumhakikishia.

Ajabu ni kwamba shida yote hii isingekuwapo kama wakili angefungua mdomo mapema. Siku tisa zilikuwa zimebaki. Angeishika simu hata tarehe 1 Machi akasema kuna kasoro, mkulima angemwendea wakili mwingine, au angesimama mwenyewe kwa jina lake, maana sheria haimlazimishi mtu kuwa na wakili. Hati nyingine ingewasilishwa ndani ya muda na ile ya kwanza ikaondolewa kwa ridhaa. Kasoro ya leseni inayogunduliwa ndani ya siku 45 ni usumbufu. Inayogunduliwa siku ya 46 ni msiba.

Wenzetu wa Afrika Mashariki wamelipitia jambo hili hili, na wamekwenda njia nyingine. Uganda ilianza kama sisi. Mahakama yake ya Juu, katika shauri la Profesa Syed Huq dhidi ya Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda la miaka ya 1990, ilizikataa hati za wakili asiye na leseni hai. Mwaka 2002 Bunge la huko likairekebisha Sheria ya Mawakili. Tangu hapo wakili huadhibiwa, lakini hati alizomtungia mteja asiye na hatia hazibatiliki kwa sababu hiyo peke yake, na mahakama inaweza kumpa mteja nafasi ya kutafuta wakili mwingine.

Kenya ilichukua muda zaidi. Mahakama yake ya Rufani ilishika kwa miaka msimamo kwamba hati za wakili asiye na leseni ni batili. Ndipo likaja shauri la Benki ya Taifa ya Kenya na kampuni ya Anaj Warehousing. Kampuni ilikuwa imekopa, ikaweka mali rehani. Ilipodaiwa, ikasema hati ya rehani ni batili kwa kuwa wakili aliyeitunga hakuwa na leseni hai mwaka ule. Mdeni aliyepokea fedha mkononi alitaka kuachiliwa dhamana kwa kosa la wakili. Mahakama ya Juu ya Kenya, Desemba 2015, ilikataa. Ilisema hati haiwi batili kwa sababu tu wakili aliyeitunga hakuwa na leseni wakati huo. Kosa ni la wakili na alibebe mwenyewe. Bunge la Kenya nalo lilikuwa limekwisha kuingiza maneno ya namna hiyo katika sheria mwaka 2014.

Shauri la Anaj linaonyesha jambo ambalo halionekani wazi katika mashauri ya uchaguzi na ya ardhi. Ubatili wa moja kwa moja haumkomoi mkosaji. Huwa silaha ya yeyote anayefaidika nayo, na mara nyingi anayefaidika ni yule ambaye hakudanganywa wala hakudhurika kwa lolote. Jirani wa mkulima wetu hakuumizwa na leseni ya wakili wa mwenzake. Alipata bahati tu.

Tunaijua hoja ya upande wa pili, na si ndogo. Wanaotetea msimamo wa shauri la Mbogo husema kwamba hati zikiachwa hai, leseni itabaki pambo. Mawakili watakuwa wakilipa wakijisikia, na matapeli wasiosoma sheria watajipenyeza wakijua kazi yao haitabatilika. Kuhusu matapeli, hoja hiyo tunaikubali: asiyekuwamo katika Daftari kabisa asipewe kinga yoyote. Lakini aliyemo katika Daftari, aliyefuzu na kuapishwa, akasahau tarehe, ana mamlaka ya nidhamu yanayomfikia. Faini inamfikia. Kusimamishwa kunamfikia. Hakuna sababu ya kuipitisha adhabu yake mgongoni kwa mtu aliyeuza ng'ombe kumlipa.

Mwaka 2018 Bunge letu liliingiza katika sheria za mahakama kanuni ya kuzitaka zitazame haki ya msingi kuliko ufundi wa taratibu. Wapo waliodhani kanuni hiyo ingetosha kuuzika ugumu huu. Lakini Mahakama ya Rufani, katika shauri la Halmashauri ya Kijiji cha Mondorosi dhidi ya Kampuni ya Bia Tanzania, ilisema kwamba kanuni hiyo haiwezi kutumiwa kwa upofu kuvunja masharti ya lazima ya sheria. Na leseni ya wakili ni sharti la lazima. Kwa hiyo tiba haitapatikana kwa jaji mmoja mwenye huruma katika chumba kimoja cha mahakama. Sheria ya Mawakili yenyewe ifanyiwe marekebisho, kwa kifungu kifupi kama walivyofanya Uganda na Kenya: wakili aadhibiwe, hati ibaki. Ndugu zetu wa Wizara ya Katiba na Sheria hawatahitaji kubuni maneno; yapo ng'ambo ya mpaka.

Mpaka hapo, mwananchi ajilinde. Daftari la Mawakili linaweza kutazamwa katika e-Wakili na mtu yeyote mwenye simu ya kisasa. Andika jina la wakili au namba yake ya Daftari, utaona kama ana haki ya kufanya kazi mwaka huu. Anayeishi kisiwani ambako mtandao unapatikana upepo ukitaka, amwombe kijana wake wa Mwanza amtazamie, au amwombe wakili amwonyeshe leseni yenyewe. Wakili mwaminifu hatakasirika. Atazamapo, asiishie kuuona mwaka. Aitazame tarehe ya kutolewa. Leseni ya mwaka huu iliyotolewa Aprili haimfai mwenye hati ya Februari.

Nao maofisa wa ardhi, watendaji wa halmashauri na makarani wa mabaraza wanaweza kufanya jambo dogo lenye faida kubwa. Hati ya mauziano ya kiwanja haipiti katika mfumo wowote wa mahakama siku inapotiwa saini. Wa kwanza kuiona ni ofisa. Hati zinazopokelewa Februari na Machi zilizotayarishwa na wakili zitazamwe leseni kabla ya kupokelewa, na yenye shaka irudishwe siku hiyo hiyo kwa maelezo ya maandishi. Mnunuzi akirudishiwa hati wiki ya kwanza, muuzaji bado yupo, mashahidi bado wapo, na wote wanaweza kusaini upya mbele ya wakili mwingine. Baada ya miaka sita, muuzaji amefariki na watoto wake wamepandishiwa bei na mtu wa tatu.